Kuendeleza mkataba wa huduma ya viyoyozi kwa kazi na bei mpya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye kampuni ndogo za viyoyozi Mombasa ambao wana mteja wa siku nyingi, mkataba unakaribia kwisha, na bei ya zamani haitoshi tena. Mfano unaotumika kote ni mmoja: hoteli ya ufukweni upande wa Nyali, mkataba wa miaka mitatu ulioanza Januari 2023 na kuisha Desemba 2025. Hoteli na bei zake ni za mfano tu. Viwango vya kodi na michango ya wafanyakazi ni vya kweli.

## Kabla ya kuandika chochote

1. Mteja ananijua vizuri. Kwa nini nisimtumie tu kwotesheni mpya?

Kwa sababu kwotesheni humpa namba moja tu, naye ana namba ya zamani kichwani. Atatoa moja kwa nyingine, aone tofauti, na mazungumzo yote yawe juu ya hiyo tofauti. Mteja mpya huuliza, "Mnafanya nini, na kwa bei gani?" Mteja wa zamani huuliza, "Kwa nini imepanda?" Pendekezo lako lazima lijibu swali la pili kabla hajaliuliza, na jibu lake limo kwenye rekodi za kazi ulizokwisha kumfanyia.

2. Nilipeleke lini?

Siku 90 kabla ya mkataba kuisha ni kipimo kizuri. Kwa mkataba unaoisha 31 Desemba, hiyo ni mwanzoni mwa Oktoba, wakati hoteli nyingi zinazofunga hesabu mwezi huo huo wa Desemba zinapanga bajeti ya mwaka unaofuata. Ukipeleka Desemba bajeti imeshapita, meneja ana wageni wa Krismasi mpaka mlangoni, na hata akikukubali hana fungu la kukulipa.

Kama mkataba wako unaisha Desemba, fikiria kuomba uwe unaisha Juni. Kipindi cha masika, Aprili hadi Juni, wageni wa pwani hupungua, vyumba vinapatikana, na meneja ana nafasi ya kukaa akasoma. Unaweza kuomba mkataba mpya wa miezi 18 badala ya 12 ili tarehe ihame yenyewe.

3. Nikusanye rekodi gani?

Vitu vitatu. Kwanza, orodha ya mashine iliyoambatanishwa na mkataba wa zamani. Pili, orodha ya mashine zilizopo leo, uliyoihesabu mwenyewe kwa kupita chumba kwa chumba: mahali ilipo, muundo, ukubwa, aina ya gesi kama ilivyoandikwa kwenye kibati chake, na kama mashine ya nje inatazama bahari au la. Tatu, kadi za kazi za angalau miezi 12 iliyopita, zenye sahihi ya mtu wa hoteli.

Kadi ndizo huwa tatizo. Kampuni nyingi huandika "service imefanyika" na kuacha hapo, na kadi ya namna hiyo haithibitishi chochote. Kama zako ni hivyo na mkataba una miezi sita mbele yake, anza leo kuandika namba ya mashine, saa ya kuingia na kutoka, na kilichokutwa. Miezi sita ya kadi nzuri inatosha kujengea hoja.

## Upeo wa kazi

4. Mashine ziliongezeka kimyakimya lakini nimekuwa nikilipwa vile vile. Nizidai za nyuma?

Kwa kawaida, hapana. Katika mfano wetu mkataba ulitaja mashine 48, kila moja ihudumiwe mara nne kwa mwaka kwa shilingi 1,500. Hiyo ni 48 × 4 × 1,500 = 288,000 kwa mwaka, yaani 72,000 kila robo mwaka. Baadaye hoteli ikafungua ukumbi na vyumba vipya, meneja akasema, "Fundi, na hizi nazo pitieni," na mafundi wakapitia. Leo mashine ni 61, na ankara ingali 72,000. Ukigawanya, unahudumia kila mashine kwa shilingi 1,180. Bei yako imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano, bila mtu yeyote kukuomba punguzo.

Hukuandika barua ya kubadili mkataba wakati ule, na mteja hakuahidi kulipa zaidi. Kudai malipo ya nyuma sasa kutageuza pendekezo kuwa mzozo, na utamfanya meneja ajitetee mbele ya mhasibu wake. Faida ya zile mashine 13 ni nyingine: zinaeleza sehemu kubwa ya ongezeko unaloomba. Zitaje kwenye pendekezo kwa tarehe zilizoanza kuhudumiwa, bila lawama, halafu ziingize kwenye orodha mpya. Weka na kifungu kwamba mashine yoyote itakayoongezwa italipiwa kwa bei ya huduma moja kuanzia mwezi itakapoongezwa.

5. Je, kila mashine ihudumiwe kwa ratiba moja?

Hapa ndipo kuna nafasi kubwa ya kumpa mteja kitu bora, na wengi hawaigusi. Ratiba ya "mara nne kwa kila mashine" ni rahisi kuandika, lakini haifuati hali ya ufukweni. Mashine ya nje inayotazama bahari hupokea unyunyu wa chumvi kila siku, hasa upepo wa kusi unapovuma, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Chumvi hukaa kwenye mapezi ya alumini yaliyoshikana na bomba za shaba. Metali mbili tofauti zikilowa chumvi pamoja, alumini ndiyo huliwa. Utaona unga mweupe, kisha mapezi yanavunjika ukiyagusa, kisha joto halitoki na kompresa hufanya kazi kupita kiasi hadi ife. Wakati huo huo mashine ya stoo iliyo upande wa bara inahudumiwa mara nne ilhali haina uchafu wa kutosha hata mara mbili.

Kwa hiyo gawa orodha. Katika mfano wetu:

| Kundi | Mashine | Mara kwa mwaka | Huduma |
|---|---|---|---|
| Zinazotazama bahari | 22 | 6 | 132 |
| Vyumba na kumbi nyingine | 29 | 4 | 116 |
| Stoo na ofisi | 10 | 2 | 20 |
| Jumla | 61 | | 268 |

Ratiba ya zamani kwa mashine hizo hizo 61 ingekuwa huduma 244. Umeongeza 24 tu, lakini umezipeleka zinakohitajika.

6. "Huduma moja" niiandikeje ili tusije tukabishana?

Andika kinachofanyika, si jina lake. Kwa mashine ya ukutani: kuosha chujio, kuosha koili ya ndani na feni yake kwa dawa, kuzibua bomba la kutolea maji na kulijaribu kwa kumwaga maji, kuosha koili ya nje, kukaza nyaya, kupima mkondo wa umeme wa kompresa na kuulinganisha na kibati, kupima joto la hewa inayoingia na inayotoka. Vipimo hivyo viandikwe kwenye kadi.

Kisha andika yasiyomo: vipuri, gesi, kuhamisha mashine, na wito wa usiku. Usiache hata moja liwe la "tutaelewana".

Sharti moja la pwani lisisahaulike: maji ya kuoshea. Hoteli nyingi huku zina visima vya maji ya chumvi. Ukiosha koili ya nje kwa maji hayo, unarudisha kile kile unachokiondoa, na mashine itaoza kwa kasi huku wewe ukilaumiwa. Andika kwamba hoteli itatoa maji yasiyo na chumvi karibu na kila eneo la kazi, au utaleta mwenyewe kwa malipo ya safari.

7. Mkataba wa zamani ulijumuisha gesi. Niiache?

Itoe, na ueleze sababu. Kiyoyozi kizima hakili gesi. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Mkataba unaojumuisha gesi humfanya mteja asijali uvujaji, na humtia fundi kishawishi cha kujaza na kuondoka. Badala yake andika kwamba uvujaji utatafutwa na kuzibwa kwanza, gesi ipimwe kwa mizani, na mteja alipe kwa uzito uliowekwa.

Kama kuna mashine za R22, zitaje peke yake. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuyamaliza 2030 isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Huwezi kuahidi bei yake kwa miaka mitatu. Mpe meneja orodha ya mashine hizo ili aanze kupanga kuzibadilisha mbili tatu kila mwaka, zile za baharini kwanza.

## Bei

8. Nionyesheje ongezeko bila kumshtua?

Kwa kulitenganisha. Katika mfano wetu bei inatoka 288,000 hadi 469,000 kwa mwaka. Ukitaja namba hizo mbili tu, mteja ataona ongezeko la asilimia 63, na ana haki ya kukasirika. Ukifuata hatua moja moja, picha ni nyingine:

- Mkataba wa sasa, mashine 48: 288,000
- Mashine 13 zilizoongezeka, kwa bei ile ile ya zamani: 13 × 4 × 1,500 = 78,000
- Huduma 24 za ziada kwa ratiba mpya, bado kwa bei ya zamani: 36,000
- Kupanda kwa bei ya huduma moja kutoka 1,500 hadi 1,750: 268 × 250 = 67,000

Bei yenyewe imepanda shilingi 67,000. Zile 114,000 nyingine ni kazi zaidi, na kazi mteja anaweza kuipunguza akitaka. Mpangilio uwe huu huu: kazi kwanza kwa bei ya zamani, bei mpya mwisho. Ukianza na bei mpya, kila mstari unaofuata utaonekana umetiwa chumvi.

9. Hiyo 250 nitaitetea vipi?

Kwa gharama zinazoweza kuhakikiwa, na bila kutia chumvi. Chukua timu ya watu wawili: fundi wa mshahara wa 40,000 na msaidizi wa 24,000, siku 22 za kazi kwa mwezi, mashine nne kwa siku.

Michango ya mwajiri ndiyo rahisi kuthibitisha. Mkataba wetu ulipoanza Januari 2023, mwajiri alikuwa akilipa NSSF shilingi 200 kwa kila mfanyakazi. Kuanzia Februari 2023 ikawa asilimia 6 ya mshahara, hadi kikomo kinachopandishwa kila mwaka. Ada ya nyumba ikaongeza asilimia 1.5. Kwa timu hii mwajiri ametoka shilingi 400 kwa mwezi hadi 4,800. Tofauti ya 4,400 ukiigawa kwa siku 22 na mashine nne ni shilingi 50 kwa kila huduma.

Hamsini, basi. Wapo wanaoandika barua nzima wakilaumu NSSF na ada ya nyumba kana kwamba ndizo zilizopandisha bei yote. Mhasibu wa hoteli naye analipa michango hiyo hiyo kwa wafanyakazi wake, na atapiga hesabu kwa dakika mbili. Zitaje kwa kiasi chake, kisha utaje nyingine. Mishahara: fundi alikuwa 35,000 na msaidizi 21,000, na nyongeza ya 8,000 ni takriban shilingi 90 kwa huduma. Kasi ya kazi: hoteli sasa inaruhusu chumba kushughulikiwa tu baada ya mgeni kutoka na kabla ya mwingine kuingia, hivyo timu imeshuka kutoka wastani wa mashine nne na nusu hadi nne kwa siku, na hiyo ni kama 90 nyingine. Shilingi 20 zilizobaki ni dawa za kuoshea.

Ile ya kasi ya kazi ndiyo ya kuizungumzia zaidi, kwa kuwa iko mikononi mwa mteja. Akikufungia vyumba sita vya sakafu moja kwa siku nzima wakati wa masika, unaweza kumrudishia sehemu ya hizo 90 kwa haki kabisa.

10. Kodi niziandike vipi?

Bei zote ziandikwe kabla ya VAT, kisha VAT ya asilimia 16 kwenye mstari wake. Kwa mfano wetu ni 75,040, jumla 544,040. Kama hoteli imeteuliwa na KRA kuzuia VAT, itakata asilimia 2 ya thamani kabla ya kodi, yaani 9,380 kwa mwaka, na kuipeleka KRA kwa jina lako. Hilo si punguzo, lakini fedha mkononi zitapungua, kwa hiyo lihesabu mapema. Ankara zitoke eTIMS. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya namna hiyo haikubaliwi katika hesabu ya kodi ya mteja.

## Kulipeleka na kujadiliana

11. Nianze na barua au nimwone kwanza?

Mwone. Mtu mliyefanya kazi naye miaka mitatu kumtumia ongezeko kwa barua pepe bila neno ni kumvunjia heshima, na Mombasa jambo hilo halisahauliki upesi. Nenda na orodha ya mashine tu, bila bei. Piteni pamoja nusu saa, umwonyeshe mapezi yaliyoliwa na mashine zisizokuwa kwenye mkataba. Akikubali kwamba orodha ni sahihi, nusu ya kazi imekwisha. Bei ifuate kwa maandishi ndani ya siku mbili tatu.

12. Barua yenyewe isemeje?

Ukurasa mmoja, viambatisho vitatu: orodha, ratiba, hesabu. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

> Bi. Meneja, salamu.
>
> Mkataba wetu wa huduma ya viyoyozi unaisha tarehe 31 Desemba. Tunaomba kuuendeleza kwa miezi 18 kuanzia 1 Januari.
>
> Kama tulivyoona pamoja wiki hii, mashine zimetoka 48 hadi 61. Tunapendekeza 22 zinazotazama bahari zihudumiwe kila miezi miwili, na za stoo na ofisi zipunguzwe hadi mara mbili kwa mwaka. Bei ya huduma moja itakuwa shilingi 1,750 kabla ya VAT. Hesabu yote imo kwenye kiambatisho cha tatu, pamoja na chaguo la pili la gharama ndogo.
>
> Bei hii inasimama hadi tarehe 15 Novemba. Tunaomba kukuona kabla ya hapo, siku itakayokufaa.

Usiandike "kutokana na hali ngumu ya uchumi". Hali hiyo inamhusu na yeye.

13. Akisema, "Jamani, sisi ni watu wa siku nyingi, nipunguzieni"?

Punguza kazi, usipunguze bei ya huduma moja. Ukishusha 1,750 hadi 1,600 papo hapo, umemwambia kwamba 1,750 haikuwa ya kweli, na hesabu yote ya swali la 9 imepoteza maana.

Ndiyo maana chaguo la pili liwe tayari. Katika mfano wetu: mashine za bahari zipate huduma kamili mara nne (88), pamoja na kuoshwa mashine ya nje peke yake mara mbili zaidi kwa 600 (44 × 600 = 26,400); vyumba vingine mara tatu (87); stoo na ofisi mara mbili (20). Huduma kamili ni 195 × 1,750 = 341,250. Jumla ni 367,650. Mwambie na anachokipoteza: vyumba 29 vitakaa miezi minne bila kuguswa, na bomba la maji likiziba katikati, maji yatamwagikia ukuta wa mgeni. Wito huo utalipiwa.

Kuna kitu kimoja unachoweza kutoa bila kuharibu hesabu, nacho ni punguzo kwa ajili ya malipo ya mapema. Kama unalipwa baada ya siku 75 na yeye akakubali siku 14, asilimia mbili au tatu ni haki yake.

14. Analeta kwotesheni ya mtu mwingine ya shilingi 1,000.

Usimseme vibaya mwenzako. Omba kuona orodha ya kazi, na uilinganishe na ya swali la 6. Mara nyingi utakuta ni kuosha chujio na kupuliza mashine ya nje, bila koili ya ndani wala vipimo. Kwa hesabu ya swali la 9, timu ya watu wawili wanaolipiwa michango yao, usafiri na dawa haiendi chini ya shilingi 1,100 kwa mashine kabla hujaweka ofisi wala faida. Kama kazi kweli ni ile ile na bei ni 1,000, mwulize meneja swali moja tu: mafundi hao wana bima ya kuumia kazini? Mtu akianguka kutoka ghorofa ya tatu, suala halitaishia kwa mkandarasi.

## Hali zisizo za kawaida

15. Mkataba umeisha, mteja hajajibu, lakini anaendelea kuniita.

Usiende kimya. Andika barua fupi ya kuongeza muda: kazi itaendelea kwa siku 60, kwa orodha ya mashine 61, kwa bei ya zamani ya 1,500 kwa huduma, na mkataba mpya hautarudi nyuma. Apokee kwa sahihi au ajibu barua pepe. Ukiendelea bila maandishi, ankara ya kwanza ya 1,750 itarudishwa, na watakuwa na hoja.

16. Ana deni la ankara mbili. Nilichanganye na pendekezo?

Litenganishe. Deni lidaiwe kwa barua yake, kwa mhasibu. Katika pendekezo weka kifungu tu kwamba mkataba mpya unaanza baada ya ankara zilizopita siku 60 kulipwa. Ukilichanganya, atakulipa deni kama zawadi ya kukubaliwa punguzo.

17. Amesaini, lakini amekata mstari mmoja kwa kalamu.

Bado hamjakubaliana. Alichokurudishia ni pendekezo lake. Angalia kilichokatwa. Kama ni mashine za stoo, toa huduma 20, andika upya jumla ya 434,000, na mpelekee nakala safi ya kusaini. Kama ni kifungu cha maji yasiyo na chumvi au cha gesi, usipeleke timu mpaka mzungumze, kwa kuwa kila koili itakayooza baada ya hapo itahesabiwa kuwa yako. Kila ukurasa wa nakala ya mwisho uwe na herufi za majina ya pande zote mbili, viambatisho vikiwemo.